Ulikosa arusi ya rafiki yako: utamwambia nini, na zawadi itaingia wapi



Kiangazi kimeingia. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua inatuacha hapa Lubumbashi, na ndiyo sababu arusi zinajaa majira haya. Hema inasimama katika parsele bila woga wa matope, shule zinafunga kwa likizo, ndugu wa mbali wanapata nafasi ya kusafiri. Siku ya posho moja inaweza kutuletea arusi moja hapa Hewa Bora, nyingine Kipushi, nyingine Likasi. Hakuna mama mwenye miguu ya kufika kote, wala mwenye mfuko wa kutosha kote. Basi juma hili tuongee juu ya yule aliyekosa arusi ya rafiki yake wa kweli, na sasa anazunguka na telefone mkononi bila kujua aanze wapi. Kila maneno anayoyajaribu, akiyasikiliza mwenyewe, yanasikika kama ya mtu anayejitetea.

Sisi walimu tuna tabia ya kutazama maneno kabla ya kutazama mambo mengine, na mara hii tabia hiyo inatusaidia. Lugha yetu ina neno moja linaloshika pande mbili za jambo hili. Ni neno kukosa. Tunasema nilikosa bisi, nilikosa chumvi sokoni, nilikosa arusi: maana yake kitu kilikuwapo, mimi sikukipata. Lakini ukiongeza sauti moja tu ndani yake, ukasema kukosea, tena ukamtia mtu, nilikukosea, basi maana imegeuka. Sasa kuna mtu mbele yako, na kuna deni kati yenu. Anayesema "nilikosa arusi yako" anasikitikia karamu iliyompita. Anayesema "nilikukosea" anamtazama rafiki usoni. Msamaha wote tunaotaka kuuongelea unatoka katika neno la kwanza na kufika katika neno la pili.

Tuangalie sasa sentensi tatu ambazo watu wanazitumia sana.

Ya kwanza: "Safari ilishindikana." Walimu wa sarufi wangewaambia kwamba kitenzi cha namna hii hakionyeshi mtendaji. Safari imeshindikana yenyewe, kama vile chungu kinavyovunjika na mlango unavyofungika. Rafiki yako akisikia hivyo anajiuliza: wewe ulikuwa wapi katika sentensi hiyo? Haumo. Ya pili: "Sikuweza kufika." Hapa upo, lakini tayari umeleta kizuizi kabla ya kutaja jambo lenyewe. Neno sikuweza linabeba udhuru ndani yake, hata kama hukuutaja. Ya tatu ni fupi kuliko zote: "Sikufika." Haina kizuizi, haina mtendaji mwingine. Inasema kilichotokea siku ile. Ni ngumu mdomoni, na ndiyo inayofungua moyo wa anayesikia, kwa sababu hatakuwa na haja ya kukupinga. Mtu hupinga pale anapoona unakimbia.

Kuna pia maneno matatu ya kuombea, na hayana uzito mmoja. Pole ni neno zuri, tunalipa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyejikwaa barabarani. Linasema: naona umeumia. Halisemi nani aliyemuumiza. Samahani ni neno la mlangoni. Tunalitumia tukipita mbele ya watu au tukiuliza njia. Unisamehe ni neno la deni. Linamwachia mwingine uwezo wa kutoa au kukataa. Mtu aliyekosa arusi ya rafiki bila kizuizi kinachojulikana, akimtumia "pole kwa kutofika", amempa neno la kilio mahali pa neno la deni. Rafiki atajibu "asante", na kitu kitabaki katikati yao kama mfupa kooni.

Lakini tusilazimishe unisamehe kila mahali. Mnakumbuka Machi 2020, wakati serikali ilipokataza mikusanyiko ya zaidi ya watu 20 kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Watu walifunga ndoa na wachache tu pembeni yao, na rafiki wengi walibaki nyumbani. Pale hakuna aliyemkosea mwingine; kizuizi kilijulikana na nchi nzima. Vivyo hivyo mama aliyefiwa siku mbili kabla ya arusi, au aliyelazwa hospitalini. Kwake inatosha kumwambia bibi arusi kwamba alisikitika kutokuwapo, na kumpa baraka zake. Akianza kulialia na kuomba msamaha sana, atamlazimisha bibi arusi aache furaha yake aje kumbembeleza. Msamaha mzito ni wa pale ambapo ungeweza kufika, au ungeweza kusema mapema, na hukufanya.

Na hapa tunafika kwenye sababu ambayo wengi wetu tunaijua, lakini haitajwi wazi: pesa. Arusi ya rafiki inataka kikwembe cha sare, inataka fundi wa kushona, inataka nauli, inataka anvelopu ya kuweka mezani. Mama anahesabu, anaona haifiki, anaona haya. Badala ya kusema, ananyamaza. Siku ya arusi anazima telefone. Halafu anatafuta sababu nyingine yenye heshima zaidi, na ile inayokuja haraka ni mtoto: "Mtoto aliamka na homa."

Tunawaomba muiache sababu hiyo kama si ya kweli. Kwanza, rafiki mwema atauliza mtoto alipona namna gani, alipewa dawa gani, na utalazimika kujenga nyumba nzima juu ya uongo mmoja. Pili, jirani atasema alimwona mtoto anacheza barabarani siku ile ile. Lakini kubwa ni la tatu: msamaha unaopewa kwa sababu ya uongo haukufikii. Rafiki amemsamehe mama mwenye mtoto mgonjwa. Wewe, mama uliyeona haya kwa kukosa pesa, bado hajakusamehe, kwa maana hajakuona.

Tutoe mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme ni wanawake wawili waliosoma pamoja. Mmoja anakaa hapa Hewa Bora na anauza unga. Mwingine ameolewa Likasi, kilometa kama 120 kutoka kwetu, siku ya posho, juma tatu zilizopita. Huyu wa Hewa Bora alichaguliwa kuwa kati ya rafiki wa bibi arusi watakaovaa kikwembe kimoja. Akakubali, akatoa nusu ya pesa. Kisha mwenye nyumba akadai kodi, na nusu ya pili ikaenda huko. Hakumwambia mtu. Siku ya arusi alizima telefone. Mpaka leo hajasema kitu.

Kabla ya kuandika neno lolote, mama huyu ajiulize swali moja: rafiki yangu alipoteza nini siku ile? Asikimbilie kujibu kwamba alipoteza mgeni mmoja. Ndoa yetu ina siku zake. Kuna siku ya mahari, jamaa mbili zinapokaa uso kwa uso. Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inaitambua mahari na kuitaka. Kuna siku ya hali ya raia, mbele ya ofisa wa komine na mashahidi. Kuna kanisa kwa wanaokwenda kanisani. Kuna karamu. Aliyekosa karamu amekosa kucheza na kula. Aliyekosa mahari, wakati bibi arusi alimtegemea akae upande wake kati ya wanawake wa nyumba, amekosa kitu kingine kabisa. Na aliyeahidiwa kuwa shahidi asifike, ameacha watu wakitafuta mtu mwingine mlangoni pa komine. Ukiomba msamaha kwa "kukosa arusi" kwa jumla, rafiki anasikia kwamba hukujua mahali pako palikuwa wapi.

Katika mfano wetu mambo yaliyopotea ni matatu. Hakufika. Alikubali nafasi kati ya wenye kikwembe, na nafasi ile ikabaki wazi. Tena alizima telefone, na bibi arusi, katikati ya siku yake, akawa anauliza watu kama rafiki yake ni mzima. Ukitupa sisi tupime, la tatu ndilo lililouma kuliko yote. Kiti kitupu kinasahaulika mara muziki unapoanza, lakini woga wa kutojua mtu amepatwa na nini hausahauliki. Mara nyingi mambo yanakwenda hivi: mwenye kuomba anaomba kwa ajili ya kutofika, na mwenzake ameumizwa na kimya. Msamaha unapita pembeni ya kidonda.

Haya ndiyo maneno ambayo mama wetu angeweza kusema, kwa telefone au kwa sauti ya Watsapu, bila kuzidi dakika moja au mbili:

"Ndugu yangu, ni mimi. Nilikukosea. Ulinichagua nivae kikwembe pamoja na wenzako, nikakubali, na siku yako sikufika. Tena nilizima telefone, ukabaki kuuliza watu kama niko mzima. Unisamehe. Pesa ya kumaliza kikwembe haikuwapo, nikaona haya kukuambia, nikanyamaza. Niliona picha ile unaingia umeshikana mkono na baba yako; nimeitazama mara nyingi. Natamani unisimulie mwenyewe siku ile, kuanzia asubuhi, wakati utakapokuwa na nafasi. Nimekuwekea kikwembe cha yadi 6, chenye maua ya buluu uliyoyapenda tangu tuko shuleni. Nataka nikuletee mwenyewe Likasi mwezi ujao, siku itakayokufaa wewe na bwana yako."

Tuyaangalie polepole. Mambo matatu yametajwa kwa jina lake, na yametajwa kabla ya sababu. Sababu imekuja baada ya unisamehe, tena kwa sentensi moja. Mpangilio huu ndio unaotenga maelezo na kisingizio. Sababu ikitangulia, kila kitu kinachofuata kinaonekana kimejengwa juu yake: "Mwenye nyumba alinisumbua, unajua maisha ni magumu, ndiyo maana..." Sababu ikija nyuma, inamsaidia tu rafiki kuelewa, hailipi deni. Sababu pia isirefuke. Mama hakutaja mwenye nyumba wala bei ya unga wala watoto wake wangapi wanasoma. Sentensi ya pili ya sababu huanza kuomba huruma, na ya tatu huanza kumlaumu bibi arusi kwa kuchagua kikwembe cha bei kali.

Mtaona pia kwamba neno lakini halimo. Jaribuni kulitia: "Unisamehe, lakini sikuwa na pesa." Papo hapo unisamehe imefutwa, kama mwalimu anavyofuta ubao. Mtu akisoma ujumbe wake kabla ya kuutuma, atafute lakini na atafute si unajua. Maneno hayo mawili ndiyo milango ambayo kisingizio huingilia.

Halafu kuna lile ombi la kusimuliwa. Upole wa msamaha hautoki katika maneno matamu mengi, mpenzi wangu, roho yangu, sukari yangu. Unatoka katika kuonyesha kwamba siku yake ina maana kwako. Picha moja iliyotazamwa kweli ina nguvu kuliko "nilisikia arusi ilikuwa nzuri sana", maana hilo la pili linaweza kusemwa kwa mtu yeyote. Na bibi arusi, juma kadhaa baada ya karamu, mara nyingi amebaki peke yake na habari zake. Wageni wamerudi, hema imevunjwa. Anayemwomba asimulie anampa kitu ambacho hata waliofika hawakumpa.

Sasa tuje kwenye zawadi, maana hapo wengi huharibu kazi nzuri.

Zawadi ya arusi ina mahali pake pa kawaida. Siku ya karamu watu wanapanga mstari, wanapita wakicheza, wanaweka anvelopu, sufuria, mabeseni, na mara nyingi mtu wa komite anaandika katika daftari nani alileta nini. Zawadi inayokuja baadaye haina mstari wala daftari. Inakuja peke yake, na kwa hiyo inasikika kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana inataka uangalifu.

La kwanza, zawadi isitangulie neno. Mama anayetuma kikwembe kwa dereva wa bisi bila kusema kitu, akitumaini kwamba kikwembe kitasema, anamweka rafiki pabaya. Rafiki sasa anapaswa kusema asante kwa mtu ambaye bado anamdai. Kama ni pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ni vibaya zaidi, kwa sababu ujumbe wa kampuni unafika na hesabu tupu, kama malipo ya deni la dukani. Sema kwanza, usikie sauti yake, kisha utume. Na ukituma, ongeza ile ada ya kutolea, ili alichopewa kifike kizima mkononi.

La pili, zawadi na unisamehe zisikae katika sentensi moja. "Nimekuletea kikwembe ili unisamehe" ni biashara. Katika maneno ya mama wetu, kati ya unisamehe na kikwembe kuna picha, kuna baba, kuna ombi la kusimuliwa. Mtu akifika kwenye kikwembe, ameshasahau kwamba kuna deni. Anaona tu ndugu yake amemkumbuka. Na kikwembe chenyewe kimefungwa na jambo lao wawili, maua ya buluu ya tangu shuleni. Zawadi ya namna hiyo haiwezi kupewa mtu mwingine, kwa hiyo haiwezi kuwa faini.

La tatu, usitaje bei, na usiidharau. Tumezoea kusema "ni kitu kidogo tu, usinicheke". Mara moja ni adabu. Ukirudia mara mbili, tatu, unamlazimisha bibi arusi akutulize: hapana, ni kikubwa, hapana, ni kizuri. Amegeuka tena yeye kuwa mfariji. Sema kitu ni nini, na kwa nini ulimchagulia hicho, basi.

La nne ni kipimo. Zawadi ya nyuma isizidi ile ambayo ungetoa kama ungefika. Kikwembe kizima ni yadi 12. Nusu yake, yadi 6, inatosha mavazi ya mama mmoja. Mama wetu aliyekosa pesa ya sare angekopa ili alete yadi 12, bibi arusi angejiuliza pesa hii imetoka wapi, wakati ile ya arusi haikuwapo. Akingoja zamu yake ya likelemba na kununua yadi 6, maneno yake na mkono wake vinasema jambo moja. Kama zamu iko mbali, bakuli mbili nzuri zinatosha, au kilo chache za unga wake mwenyewe alioupepeta vizuri. Na kama mkononi hakuna kitu kabisa, aombe msamaha bila zawadi, leo. Kungoja zawadi ndiko kunakofanya juma tatu ziwe miezi sita, na mwisho aibu ya kuchelewa inakuwa kubwa kuliko aibu ya kukosa arusi.

La tano, njia ya kuifikisha. Rafiki aliyeolewa juzi pengine anakaa karibu na wakwe zake. Zawadi ya nyuma isipitie mikononi mwa mama mkwe wala wifi, maana watauliza huyu ni nani, kwa nini hakuonekana siku ile, na jambo la watu wawili linakuwa la jamaa nzima. Mpelekee mwenyewe, au umpe mtu wenu wa pamoja anayejua kunyamaza. Kwa sababu hiyo hiyo, msamaha usipelekwe katika kundi la Watsapu mbele ya watu 60. Hongera ni ya wote. Msamaha ni wa masikio mawili.

Swali la siku linaulizwa sana: niseme lini? Siku mbili tatu za kwanza mwache na wageni wake, isipokuwa kwa ujumbe mfupi wa kumwondolea wasiwasi: niko mzima, sikufika, nitakupigia. Kisha piga kabla juma halijaisha. Ukiwa umeshachelewa, kama mama wa mfano wetu, kuchelewa nako ni kitu cha kutaja: "Tena juma tatu zimepita bila mimi kusema neno." Usikiruke. Yeye amezihesabu.

Kama mwenye arusi ni mkubwa kwako, yaya uliyemzoea kwa heshima, ni vizuri kwenda au kupiga. Usimtumie maandishi tu. Na kama aliyekualika hasa alikuwa mama yake, ukala nyumbani kwake miaka yote ya shule, basi una watu wawili wa kuongea nao. Usimtume binti akupelekee salamu. Nenda kwa mama mwenyewe, ukae chini, umwambie: "Mama, siku ya mtoto wako sikufika, na wewe uliniita kama mtoto wako. Unisamehe." Hapo zawadi ya kwanza ni kwamba ulikuja kwa miguu.

Mwisho, majibu. Akijibu haraka "hakuna shida, ndugu yangu", usilichukue kama risiti. Sikiliza kama anauliza kitu, kama anakusimulia kitu. Asipouliza chochote, bado ana kidonda. Usimfukuzie kwa maneno mengine, timiza tu ile siku uliyosema utakuja. Akikukasirikia, akasema ulimwaibisha mbele ya wakwe, mwache amalize. Ukianza kueleza tena habari ya kodi na mwenye nyumba, umerudi kwenye sikuweza, na kila ulichojenga kimeanguka. Jibu linalotosha ni "Ndiyo, ndivyo nilivyokufanyia." Na akinyamaza kabisa, peleka neno mara moja tena baada ya mwezi, si zaidi, bila kutaja zawadi. Zawadi itunze. Msamaha unaombwa, haudaiwi. Huenda akakaa mwaka mzima, na siku ya kuzaa mtoto wake wa kwanza akakuita. Kikwembe cha yadi 6 hakiozi kabatini, na kwa kumbebea mtoto kinafaa sana.

Kwa vikundi vinavyosoma ukurasa huu pamoja siku ya mkutano, tunapendekeza zoezi dogo. Kila mama amfikirie rafiki mmoja ambaye alikosa siku yake, na aandike sentensi nne tu: kitu gani hasa alimkosea, unisamehe, sababu moja ya kweli, na jambo moja la siku ile ambalo angetaka kusimuliwa. Msisomeane. Kila mtu asome yake kimya, afute kila lakini, na akifika nyumbani apige telefone.